Alivyoviacha Changu

Kitanda cha Changu kilifika Jumanne saa nne kasorobo, fundi akiwa kwenye cherehani anapinda suruali ya mwalimu. Kilikuja kwa miguu yake minne, polepole, maana mguu mmoja wa nyuma ulilegea tangu enzi na mwenyewe hakuwahi kuukaza. Ukingoni mwa barabara kilisimama, kikasubiri lori la mchanga lipite, kisha kikavuka. Mshona viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa fundi, alisogeza kigoda chake ili kukipisha.

"Hicho chako?" aliuliza.

"Cha mdogo wangu."

"Kiwekee kijiwe mguuni. Kinachechemea."

Fundi aliacha suruali ya watu, akafungua ubao wa pili wa mlango ili kitanda kipite kwa ubavu. Jana yake vilikuwa vimekuja viatu, jozi tatu, na nyuma yao redio, iliyopanda kibaraza ikisoma habari za hali ya hewa. Hakuna aliyeshangaa. Mtu akihama, vyombo navyo huhama. Hapa tofauti ilikuwa moja tu: mtu alikuwa amekwenda kilimani, vyombo vikaja bondeni.

Changu lilikuwa jina la utani. Wageni walidhani kapewa jina la samaki, lakini wapi. Kalipata akiwa na miaka miwili, kwa kuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake halikuwa mama wala baba, lilikuwa "changu", na alilisema akiwa ameshika kijiko cha dada yake. Dada mtu ndiye huyu fundi. Kijiko hakurudishiwa. Akakua hivyo hivyo, kitinda mimba wa mama yake, mambo yote kwake yakiwa yangu, wangu na langu, mpaka siku aliporudi nyumbani akasema ameuchoka huo mzigo wote, anakwenda kuwa mtawa.

Mama yao alikuwa kitandani tayari, miguu imemgomea. Alilia kidogo, akambariki. Tangu siku hiyo, kila alasiri alikuwa akiita, "Baba!" kama mama wengi waitavyo watoto wao wa kiume.

"Abee," fundi alijibu kutoka kwenye cherehani.

"Sikukuita wewe. Namwita mwanangu."

Fundi alisema haya, akaendelea kushona. Alikuwa akimnawisha mama huyo, akimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili asipate vidonda, akimlisha uji kwa kijiko, na usiku akilala sakafuni pembeni yake. Hakutaka sifa. Alitaka kitu kimoja: Changu aje, akae na mama siku tatu tu, mama amwone kwa macho kabla hayajafumba. Kwa hilo angesamehe hata kile kijiko.

Nyumba ya watawa ilikuwa na siku moja ya wageni kwa mwaka. Mwaka wa kwanza fundi alipanda mlima na kikapu cha maswali. Alimkuta Changu kanyolewa kipara, kakonda, na uso umenyooka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Alimwonyesha dada yake kila alichokuwa nacho, na haikuchukua muda. Majoho mawili, moja mwilini na moja kambani. Mkanda. Bakuli la kulia. Wembe. Sindano na uzi wake. Kitambaa cha kuchujia maji, ili asimeze kidudu kilicho hai.

"Kwa nini sindano?" fundi aliuliza. Hilo lilimgusa kikazi.

"Joho likichanika nishone mwenyewe, nisimsumbue mtu."

Fundi aliangalia mishono ile, akanyamaza kwa heshima ya mahali.

Joho lenyewe lilikuwa limeungwa kwa vipande vya nguo kuukuu, na Changu alieleza sababu. Nguo nzima hukatwa makusudi kisha huungwa tena, ili ikose thamani sokoni na mwizi asiitamani. Wanaamka kabla ya ndege. Wanakula mara moja, kabla ya jua kufika utosini, na kinachobaki hakiwekwi mpaka kesho. Mara moja kwa mwaka mkuu wa nyumba hupita akifunua mikeka, kuona kama kuna mtu kaficha kitu. Mwaka ule alikuta penseli. Mwenye penseli aliwahi kuacha mashamba mawili na nyumba ya ghorofa bila kuguna, lakini ile penseli aliililia siku tatu.

"Sasa unapata nini?" dada mtu aliuliza.

Changu alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo nalo lilikuwa jipya.

"Usingizi. Zamani nililala nikisikiliza mlango. Sasa sina mlango. Na muda, dada. Hujui kitu kimoja kinavyokula muda wa mtu. Unakinunua, unakifuta, unakifungia, unakitafuta, unagombana nacho. Nilidhani mimi ndiye mwenye vitu, kumbe vitu ndivyo vyenye mimi."

Kisha akauliza, "Mama yetu anaendeleaje?"

Miaka yote fundi alikuwa akisikia "mama yangu", kwa sauti ile ile ya kijiko. Leo mama yetu. Alimshika mkono, akamwambia mama anamwita kila alasiri, amwombee ruhusa, siku tatu tu. Changu alisikiliza kwa utulivu, akaahidi kulipeleka kwa mkuu. Kisha akainuka akisema lazima akachote maji, maana ndoo yetu inavuja, na akitoka aligonga mtungi wa mlangoni ukavunjika.

"Kosa letu," alisema kwa upole, akaokota vigae.

Hapo fundi akaelewa. Kilimani hakuna aliyeruhusiwa kusema yangu. Mkeka wetu, bakuli letu, jino letu linauma. Mama yetu alikuwa kwenye foleni moja na ndoo. Fundi aliteremka mlima akijicheka, kwa kuwa kulia kungemchelewesha.

Ruhusa haikuja. Jibu lilikuja kwa mdomo wa muuza mboga aliyeshuka kutoka huko. Mkuu wa nyumba alikuwa amemuuliza Changu kama anataka kwenda kwa mgonjwa au kwa mama yake. Kama ni kwa mgonjwa, wapo wanne kwenye chumba cha wagonjwa pale pale. Kama ni kwa mama yake, basi bado ana kitu chake, akishughulikie kwanza. Changu, mtiifu kupita kiasi, alikwenda kuwaosha miguu wazee wanne. Walisema hawajawahi kuuguzwa na mkono mwepesi vile.

Bondeni vitu viliendelea kuja. Nywele zake zilifika na upepo, na fundi akazishindilia kwenye mto. Kisha zikaanza kuja zile zisizobebeka. Njaa ya jioni ya Changu, ambayo yeye hakuihitaji tena, ilifika saa moja kamili na kukaa mezani. Fundi akawa anakula mara mbili, akanenepa, akaachia mishono ya magauni yake yote pembeni. Usingizi wake wa asubuhi ulifika saa tatu siku moja, ukamlaza fundi juu ya cherehani, na akiwa kalala mguu wake ukaendelea kukanyaga. Alipoamka alikuta ameishona suruali ya harusi ya mtu mguu mmoja, ukafungwa kabisa chini.

Mwaka wa pili ikaja hasira. Mteja mmoja mpole alilalamikia ukosi, na fundi akajisikia akisema, "Mikono ni yangu, mkasi ni wangu, duka ni langu, toka!" Mshona viatu aliinua uso.

"Huyo ni Changu," alisema.

"Amefanya mfungo wa siku arobaini," fundi alisema, akihema. "Imefika leo."

Hofu ya wezi ndiyo iliyomchosha zaidi. Ilipofika alilazimika kununua kufuli, na la pili kwa ajili ya mlango wa uani, akawa analala akisikiliza mlango. Kilimani mdogo wake alikoroma bila mlango. Hata mkoromo wenyewe aliuacha mwaka wa tatu, na mama akalalamika kwamba fundi siku hizi anakoroma kama mwanamume.

Siku ya wageni mwaka ule fundi hakwenda kwa Changu kwanza. Alikwenda kwa mkuu wa nyumba. Alikuta benchi limejaa. Mke wa yule wa mashamba mawili alikuwa pale, amebeba wivu wa mumewe kwenye kapu lenye kifuniko. Mama mmoja mzee alikuwa na madeni ya ujana wa mwanawe, yamemkaa mabegani kama kuku. Walisalimiana kama watu wanaokutana kliniki, wakaulizana hali za migongo.

Mkuu alikuwa mzee mwenye macho ya uchangamfu na joho la viraka hamsini na viwili. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Kitu kikiachwa lazima kiende mahali. Kanuni yetu inafundisha namna ya kukiacha. Kinakokwenda haikusema."

"Na nyie hamkuwahi kuuliza?"

"Wa kuuliza ni mwenye kitu, na hapa hakuna mwenye kitu." Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwanangu, na wewe acha. Hakuna aliyekuzuia. Fungua kiganja, tamka kwamba si chako, usikionee uchungu, kiache kiende."

Ushauri ulikuwa mzuri na fundi aliufuata. Nyumbani alichukua kijiko, akachagua kitu kidogo kusudi, akakiweka kwenye kiganja. Alikaa kimya mpaka uchungu ulipopungua, jambo lililochukua sufuria nzima ya maharage kuiva. Kisha akasema, "Si changu. Nenda."

Kijiko kiliruka chini, kikatoka mlangoni. Mshona viatu alikiona kikisimama barabarani, kikitazama kulia, kikitazama kushoto. Kilizunguka nyumba, kikapita kwa jirani, kikachungulia, kikaondoka. Robo saa baadaye kiligonga mlango wa uani, kimejaa vumbi.

"Kimerudi?" mshona viatu aliuliza.

"Kimerudi."

"Basi baada yako hakuna mtu."

Fundi alikiosha, akakirudisha kwenye ndoano. Usiku ule aliona uchungu kweli kweli, uchungu wake mwenyewe, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba alipata shida kuutenganisha na wa Changu.

Ikapita miaka. Fundi alijenga rafu ukutani, kisha rafu juu ya rafu. Mama alizidi kuwa mwepesi, akawa wa kubebwa kwa mkono mmoja kwenda kwenye beseni. Aliita, "Baba!" Fundi alijibu, "Abee." Mama alisema, "Si wewe."

Mwaka wa saba Changu alimpokea dada yake mlangoni, uso unang'aa. Amemaliza miaka ya kukaa, alisema. Sasa atatoka kuzunguka. Mtawa wa kuzunguka halali mahali pamoja zaidi ya siku tatu, ila masika yakianza hutulia sehemu moja asikanyage miche ya watu. Hapiki, hahifadhi chakula, haombi kwa mdomo. Asubuhi husimama na bakuli mbele ya mlango, kimya, kwa muda wa pumzi kumi, akipewa sawa, asipopewa sawa. Wala haruhusiwi kuchagua. Akiingia mtaa hupita nyumba kwa nyumba, ya tajiri na ya maskini, ya mchoyo na ya mkarimu, asiruke hata moja.

"Hata yetu?" fundi aliuliza.

"Hata hiyo."

Fundi alisahau magoti yake yote njiani. Alimwambia mama, na mama akakaa kitako kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akaomba achanwe nywele. Fundi alifua shuka zote mbili, akahesabu nyumba kutoka mwanzo wa mtaa. Yao ilikuwa ya nne. Hakuna kanuni ya mlimani ambayo ingeweza kumfanya Changu airuke.

Kilichomtoka akilini ni kwamba kabla ya kutoka kuzunguka mtu hufanya kiapo cha mwisho. Vitu alikwisha kuviacha zamani. Siku hiyo huacha kwao, huacha kuwa mtoto wa mtu.

Alichoacha kilifika Ijumaa mchana. Fundi alisikia hodi, akaenda kufungua akiwa na nafasi tayari kwenye rafu, maana alishazoea. Nje hapakuwa na kitu. Upepo mdogo tu ulimpita, wenye harufu ya mtoto aliyetoka kuoga. Mshona viatu alivua kofia bila kujua kwa nini.

Ndani mama aliita, "Baba!"

Fundi alikwenda, akasimama mlangoni. Mama alimtazama, akamtazama tena, uso wote ukafunguka.

"Umekuja," alisema. "Nimekungoja, baba. Njoo nikushike."

Fundi alijua mara moja kilichofika. Angeweza kusema, ni mimi, mama. Lakini katika maisha yake yote mama hakuwahi kumtazama hivyo, na yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mama alimpapasa shavu, kidevu, mkono wenye sugu ya mkasi, akasema mwanangu amefanya kazi sana. Fundi alilia kwa furaha, na chini yake kidogo kwa jambo lingine. Alikuwa amepewa kile alichokitamani tangu utoto, kikiwa na jina la mtu mwingine.

Jumatatu saa tatu mtawa aliingia mtaani. Alisimama nyumba ya kwanza pumzi kumi, akapata kiazi. Ya pili hakupata kitu. Ya tatu walimfungulia mbwa, naye akamwinamia mbwa. Kisha akaja ya nne, akasimama mbele ya fundi na bakuli, macho chini, uso mwema kweli kweli. Fundi alikuwa hajawahi kuona mtu huru kama yule. Na joho lilikuwa limechanika begani.

"Changu," alisema kwa sauti ndogo.

Mtawa hakugeuka, kwa kuwa jina hilo halikuwa kwake tena. Lilikuwa ndani, rafu ya tatu, nyuma ya redio.

Fundi alijua kanuni zote kufikia sasa. Mtawa asiye na ndugu haombi kiraka, lazima apewe. Aliokota kipande chini ya cherehani, akamshonea begani papo hapo, amesimama, kwa mishono midogo ya kufichwa ambayo sindano ya mlimani haiwezi. Alikishona polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Ndani kuna mgonjwa," kwa kuwa kwa mgonjwa huruhusiwa kuvuka kizingiti.

Mtawa aliingia. Alipita kati ya kitanda chake mwenyewe na viatu vyake mwenyewe, na kitanda kikatikisa ule mguu uliolegea, naye akakipisha kama mtu anavyopisha kiti cha watu. Aliketi kwa mama. Alimshika miguu kwa mkono ule mwepesi, akaikanda, akamwombea kwa maneno wanayoombewa wagonjwa wote.

"Asante, mtawa," mama alisema. "Una mkono mzuri. Mama yako ana bahati."

"Mama wote ni mama zetu," mtawa alisema.

"Hilo sijui. Mimi ninaye wangu, huyu hapa." Alimwonyesha fundi kwa kidevu. "Ameniuguza miaka saba, mtoto wa kiume, kunigeuza, kunilisha, kulala chini. Hakuwahi hata kununa."

"Amebarikiwa," mtawa alisema.

"Nilikuwa na binti pia." Mama alikunja uso akitafuta. "Fundi cherehani, mkono wake ulikuwa mzuri. Sijui alielekea wapi. Nadhani alikwenda huko kwenu mlimani."

Mtawa alisema huko kuna amani, kama yuko huko asiwe na wasiwasi. Mama alisema wasiwasi anao wa nini, yeye mwanawe yupo. Wakacheka wote wawili, na cheko lao lilikuwa moja, lenye kukwama kidogo mwishoni. Fundi alilisikia akiwa kasimama na sindano mkononi.

"Baba," mama alimwambia, "mpe mgeni chakula. Mpe vizuri. Naye ni mtoto wa mtu."

Fundi alipakua wali na maharage, akajaza bakuli kupita kanuni. Mtawa aliinama mara tatu, kama alivyomwinamia mbwa, si zaidi wala si pungufu, akatoka kuelekea nyumba ya tano. Kwa mgongo, kile kiraka kilionekana mpaka mwisho wa mtaa. Mshona viatu alimsindikiza kwa macho.

"Hajabadilika sana," alisema.

"Kakonda tu," fundi alisema.

Alirudi kwenye cherehani. Kulikuwa na sare sita za kumaliza kabla ya Ijumaa, na njaa ya jioni ya mtu wa pili ingefika saa moja. Alitia uzi tunduni, akaanza kukanyaga.

"Baba!" mama aliita.

Mguu wa fundi ulisimama.

"Naam," alijibu, akaenda kumgeuza ubavu.